Mafao ya kustaafu: mwajiri aandike nini kwenye vitabu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wahasibu wa kampuni, maofisa rasilimali watu na wenye biashara wanaofunga hesabu kwa viwango vya kimataifa. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu huko kuna jambo moja linalowachanganya wengi: mfuko uleule unaweza kuwa wa aina moja kwa mfanyakazi na wa aina nyingine kabisa kwenye vitabu vya mwajiri.

Mpango wa mchango maalumu na mpango wa mafao maalumu inatofautianaje?

Katika mpango wa mchango maalumu, mwajiri anaahidi kutoa kiasi fulani kila mwezi, basi. Akishatoa, amemaliza. Mfanyakazi atakapostaafu atapata kilichochangwa pamoja na faida ya uwekezaji. Uwekezaji ukiwa mbaya, fungu lake linapungua na hana wa kumdai.

Katika mpango wa mafao maalumu, kinachoahidiwa ni mafao yenyewe. Mfanyakazi anaambiwa tangu mwanzo kwamba akistaafu atalipwa kwa kanuni fulani, ambayo mara nyingi inatumia miaka aliyofanya kazi na mshahara wake wa mwisho. Fedha zikipungua, aliyeahidi ndiye anayejaza pengo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni moja tu: mambo yakienda vibaya, nani atatoa fedha mfukoni? Kama ni mwajiri, huo ni mpango wa mafao, hata kama hati ya mpango imepewa jina lingine.

NSSF ya Tanzania inalipa pensheni kwa kikokotoo. Basi mwajiri aiandike kama mpango wa mafao?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Kwa mfanyakazi, NSSF na PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma, kweli ni mifuko ya mafao. Pensheni haitokani na akaunti yake binafsi bali na kanuni: idadi ya miezi aliyochangia gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka yake mitatu bora. Aliyechangia miezi 360 anapata kama asilimia 62 ya wastani huo kwa mwaka, kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Faida ya uwekezaji haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Lakini mtazame mwajiri. Sheria inamtaka apeleke NSSF asilimia 20 ya mshahara, na anaruhusiwa kukata kwa mfanyakazi isiyozidi nusu yake. Kwa PSSSF, mfanyakazi anachangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Mfuko ukipata upungufu kesho, hakuna kifungu kinachomwambia mwenye kiwanda cha Mwanza aongeze fedha kwa ajili ya wafanyakazi waliokwisha staafu. Deni lake linaishia kwenye mchango. Ndiyo maana kiwango cha uhasibu cha IAS 19 kinamruhusu kuiandika kama mpango wa mchango.

Ukitaka kuona upungufu unaangukia kwa nani, angalia historia ya PSPF. Watumishi wa umma walianza kuchangia mfuko huo mwaka 1999, na utumishi wao wa kabla ya hapo haukuwa na michango nyuma yake, ingawa ulihesabiwa kwenye mafao. Pengo hilo halikupelekwa kwa wafanyakazi. Lilikuwa deni la serikali, na baada ya PSPF kuunganishwa na LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF mwaka 2018, serikali ilitoa hati fungani maalumu ili kulilipa. Aliyetoa ahadi ndiye aliyebeba mzigo.

Kwa mpango wa mchango, mwajiri anaandika nini hasa?

Ni rahisi. Tuchukue fundi mitambo anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na mwajiri anayekata nusu ya mchango wa NSSF. Fundi anakatwa 120,000 na mwajiri anaongeza 120,000 yake.

Mshahara wote wa 1,200,000 unaingia debiti kwenye gharama za mishahara. Zile 120,000 za mwajiri zinaingia debiti kwenye gharama za michango ya hifadhi ya jamii. Upande wa krediti, akaunti ya NSSF kama mdai inapata 240,000, na kinachobaki kinagawanyika kati ya kodi ya mapato, makato mengine na mshahara wa kupeleka benki. Siku ya kulipa NSSF, deni la 240,000 linafutwa na benki inapungua.

Angalia kwamba zile 120,000 alizokatwa fundi si gharama mpya. Tayari zimo ndani ya mshahara wake. Ni kosa la kawaida kuona mwajiri ameandika 240,000 nzima kama gharama ya michango huku mshahara ukiwa bado 1,200,000. Gharama za mwezi zinakuwa juu kuliko ukweli. Ukitaka kuligundua haraka, gawanya gharama ya michango ya mwaka kwa mishahara yote ya mwaka. Kwa mwajiri anayechangia asilimia 10, jibu lazima liwe karibu na asilimia 10. Ukiona linakaribia 20, rudi kwenye vocha za mishahara.

Mwisho wa mwaka, kinachobaki kwenye mizania ni michango ambayo haijalipwa tu. Hakuna kukadiria umri wa mtu wala mshahara wake wa miaka ijayo.

Kama michango imelimbikizwa miaka kadhaa bila kupelekwa, je, sasa ni mpango wa mafao?

La. Ni mpango uleule wa mchango wenye deni lililochelewa. Andika malimbikizo yote kama deni, pamoja na adhabu ya kuchelewa kwa kadiri sheria inavyoihesabu. Adhabu haimo kwenye gharama ya mafao. Iweke peke yake ili msomaji wa hesabu aione. Na fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu isipopelekwa, huyo mtu atakuja kuhesabiwa miezi pungufu siku ya kustaafu. Mhasibu anayeficha deni hilo anamficha mwenzake wa karakana.

Basi mpango wa mafao unapatikana wapi siku hizi?

Kwenye sekta binafsi ya Afrika Mashariki mifuko ya kampuni ya aina hiyo imepungua. Hata serikali ya Kenya ilibadilika: tangu Januari 2021 watumishi wake walioingia kwenye mpango mpya wanachangia wenyewe na serikali inachangia asilimia 15, na mafao yanatokana na kilichokusanywa. Kabla ya hapo pensheni ilikuwa ahadi ya serikali, bila mchango wa mtumishi.

Lakini mpango wa mafao haujatoweka. Umejificha kwenye mikataba ya hali bora. Soma kifungu cha kustaafu cha mkataba uliosainiwa na tawi la chama cha wafanyakazi. Mara nyingi utakuta maneno kama haya: “Mfanyakazi atakayestaafu atalipwa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi, kwa mshahara wake wa mwisho.” Hakuna mfuko, hakuna mdhamini, hakuna akaunti ya benki iliyotengwa. Hata hivyo, huo ni mpango wa mafao maalumu kamili usiotengewa fedha, na waajiri wengi hawajawahi kuuandika kwenye mizania.

Kwa nini tusiandike tu siku mfanyakazi anapolipwa?

Kwa sababu deni halizaliwi siku hiyo. Linakua kila mwaka anaofanya kazi.

Kiwanda kinachoandika wakati wa kulipa kitaonyesha faida nzuri kwa miaka mingi. Halafu kikosi kilichoajiriwa pamoja wakati mtambo unasimikwa kinafika miaka 60 kwa pamoja, na hesabu za mwaka mmoja zinabeba gharama ya miaka 25. Wanahisa wa miaka ya nyuma wameshagawana gawio kutokana na faida ambayo sehemu yake ilikuwa ya wafanyakazi. Mbaya zaidi, wakati huo fedha taslimu huenda haipo, na wastaafu wanaambiwa wasubiri.

Dalili zake zinaonekana mapema. Chukua orodha ya wafanyakazi yenye tarehe za kuzaliwa na za kuajiriwa, kisha uiweke kando ya mizania. Kama wengi wamevuka miaka 50, mkataba unaahidi kiinua mgongo, na kwenye mizania hakuna mstari wa mafao ya kustaafu, umeshapata jibu.

Deni hilo linahesabiwaje? Tupeni mfano.

Turudi kwa fundi wetu. Ameajiriwa akiwa na miaka 55, atastaafu akiwa na 60, na mkataba unampa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Mfano una miaka mitano tu ili hesabu ifuatike kirahisi.

Kwanza, kadiria mshahara wake wa mwisho. Leo analipwa 1,200,000. Tukidhani nyongeza ni asilimia 6 kwa mwaka, mwaka wa tano atakuwa anapata kama 1,515,000. Kwa hiyo kila mwaka anaofanya kazi anajipatia haki ya 1,515,000, itakayolipwa siku ya kustaafu. Kumbuka ni mshahara wa mwisho, si wa leo. Kuzidisha mshahara wa leo kwa miaka ya utumishi kunapunguza deni, ingawa ndivyo wengi wanavyofanya.

Pili, irudishe fedha hiyo kwenye thamani ya leo, maana shilingi ya miaka minne ijayo si sawa na ya leo. Tutumie kiwango cha punguzo cha asilimia 12. Haki aliyoipata mwaka wa kwanza italipwa miaka minne baadaye, kwa hiyo thamani yake mwisho wa mwaka wa kwanza ni:

```
1,515,000 / (1.12)^4 = 963,000 (takriban)
```

Hiyo ndiyo gharama ya utumishi ya mwaka wa kwanza. Debiti gharama za mafao 963,000, krediti deni la mafao ya kustaafu 963,000. Hakuna hata senti iliyotoka benki.

Mwaka wa pili yanatokea mambo mawili. Deni la mwanzo limesogea mwaka mmoja karibu na siku ya kulipa, kwa hiyo linakua kwa asilimia 12: riba ya 116,000. Na fundi amefanya kazi mwaka mwingine, ambao thamani yake sasa ni 1,515,000 gawanya kwa 1.12 mara tatu, yaani 1,078,000. Gharama ya mwaka ni 1,194,000 na deni la mwisho ni 2,157,000. Unaweza kulihakiki: ni haki za miaka miwili, kila moja ikiwa na thamani ya kama 1,078,000.

Endelea hivyo hadi mwaka wa tano na deni litafika kama 7,575,000, sawasawa na kitakacholipwa. Siku ya malipo hakuna gharama mpya. Deni linafutwa na benki inapungua.

Kiwango cha punguzo kinatoka wapi?

Si riba ya mkopo wa kampuni wala faida mnayotarajia kupata. IAS 19 inataka mapato ya sokoni ya hati fungani za kampuni zenye ubora wa juu, na pale ambapo soko hilo halina kina, hati fungani za serikali. Kwa Tanzania na Kenya maana yake ni hati fungani za serikali za sarafu ileile ya mafao, zenye muda unaokaribiana na muda wa deni. Mafao ya shilingi yasipunguzwe kwa kiwango cha dola.

Makadirio yakibadilika je?

Yatabadilika. Tuseme mwisho wa mwaka wa pili mapato ya hati fungani yameshuka na kiwango kimekuwa asilimia 9 badala ya 12. Fundi hajapata haki mpya hata moja, lakini deni linapanda kutoka 2,157,000 hadi 2,340,000. Tofauti ni 183,000.

Tofauti hiyo haiingii kwenye faida na hasara. Inaandikwa kwenye mapato mengine jumuishi, ile sehemu iliyo chini ya faida ya mwaka, na haihamishiwi tena kwenye faida na hasara miaka inayofuata. Hapo ndipo yanapoingia pia mabadiliko yanayotokana na mishahara kupanda kuliko ilivyodhaniwa, au wafanyakazi kuacha kazi wachache kuliko ilivyotarajiwa.

Zamani kampuni ziliruhusiwa kuahirisha sehemu ya tofauti hizi na kuziingiza polepole. Marekebisho ya IAS 19 yaliyoanza kutumika Januari 2013 yalifuta ruhusa hiyo. Nadhani yalifanya vizuri, kwa sababu kabla ya hapo mizania ingeweza kuonyesha deni dogo kuliko lililopo na maelezo yakawa yamefichwa kwenye kurasa za nyuma.

Kitu kimoja tu usikichanganye na makadirio: kubadilisha ahadi yenyewe. Majadiliano ya mkataba mpya wa hali bora yakiongeza kiinua mgongo kutoka mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na nyongeza hiyo ikahesabu miaka iliyopita, gharama ya miaka hiyo inaingia yote kwenye faida na hasara mara moja. Meneja anayekwenda kwenye meza ya majadiliano bila kuihesabu kwanza anasaini kitu asichokijua.

Kama kampuni imetenga fedha kwenye mfuko wenye wadhamini?

Kinachoonekana kwenye mizania ni tofauti: deni la mafao toa thamani ya soko ya mali za mfuko. Riba nayo inahesabiwa kwenye tofauti hiyo kwa kiwango kilekile cha punguzo. Mali zikizalisha zaidi au pungufu ya kiwango hicho, ziada au upungufu unaingia kwenye mapato mengine jumuishi. Hivyo mfuko hauwezi kutumika kupamba faida ya mwaka kwa kudai kwamba uwekezaji wake utafanya maajabu.

Mali hizo lazima ziwe kweli nje ya mikono ya mwajiri, zisizoweza kuchukuliwa na wadai wake wengine. Akaunti ya akiba yenye jina la kampuni iliyoandikwa “fedha za kiinua mgongo” haihesabiki. Deni linabaki zima upande mmoja na fedha benki upande mwingine.

Lazima tumwajiri mtakwimu bima?

IAS 19 inahimiza kumtumia lakini haimlazimishi mwajiri. Kwa mfuko wenye wadhamini, sheria za usimamizi zinaweza kudai zaidi. Kenya, kwa mfano, mfuko wa mafao unatakiwa kufanyiwa tathmini angalau kila miaka mitatu.

Kwa kiwanda chenye wafanyakazi wengi, mlipe mtakwimu bima. Yeye ataingiza uwezekano wa mtu kuacha kazi au kufariki kabla ya kustaafu, mambo ambayo mfano wetu wa fundi mmoja umeyaruka. Kwa kampuni yenye watu kumi na wanane, jedwali zuri la kompyuta linaweza kutosha, mradi mkaguzi aone makadirio yameandikwa na yana msingi. Wanaotumia kile kiwango cha biashara ndogo na za kati wana njia nyepesi zaidi pale ambapo gharama ya hesabu kamili ingezidi faida yake: wanaweza, kwa mfano, kuacha kukadiria nyongeza za mishahara za baadaye. Deni litakuwa pungufu, lakini litakuwepo.

Mkataba unasema kiinua mgongo kinalipwa kwa aliyefikisha miaka mitano. Tuanze kuandika mwaka wa sita?

Anzeni mwaka wa kwanza. Uwezekano kwamba baadhi wataondoka kabla ya miaka mitano unapunguza kiasi, lakini hauahirishi kuandika. Kama kumbukumbu zenu zinaonyesha kwamba kati ya kumi wanaoajiriwa saba hufika, deni la mwaka wa kwanza litakuwa karibu asilimia 70 ya lile ambalo lingekuwepo kama wote wangefika.

Hatuna mkataba wowote, ila mkurugenzi huwa anawapa wastaafu “ahsante” ya miezi sita.

Kama amefanya hivyo miaka yote, kila mtu analitarajia, na kuacha kungevuruga uhusiano na wafanyakazi kiasi kwamba kampuni haina njia ya kweli ya kujitoa, hilo nalo ni deni linaloandikwa. Mazoea yanamfunga mwajiri kama karatasi. Kama alimpa mmoja kwa hiari na wengine wakaondoka mikono mitupu, si mpango. Ni gharama ya mwaka ule.

Malipo ya kisheria mtu anapoachishwa kazi yamo humu?

Hapana. Sheria ya Tanzania inampa anayeachishwa kazi, kwa masharti yake, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi. Kwa kuwa malipo hayo yanatokana na uamuzi wa mwajiri wa kukatisha ajira na si utumishi pekee, yanaandikwa pale mwajiri anapokuwa hawezi tena kuuondoa uamuzi huo. Watu huyaita nayo kiinua mgongo, kwa hiyo muulize anayekuletea takwimu anazungumzia kipi.

Na mfuko wa mchango wenye dhamana ya faida?

Hati ya mfuko ikisema mwajiri anahakikisha, tuseme, faida isiyopungua asilimia 5 kwa mwaka, na upungufu ataujaza yeye, huo ni mpango wa mafao kwake. Dhamana hiyo ikitolewa na kampuni ya bima na mwajiri hadaiwi chochote zaidi ya mchango, unabaki mpango wa mchango. Sentensi hiyo moja mara nyingi iko ndani kabisa ya hati, karibu na vifungu vya kuvunja mfuko, kwa hiyo soma hati yote kabla ya kuamua.

Tumegundua deni la miaka ya nyuma halikuandikwa. Tulitupe lote kwenye gharama za mwaka huu?

Kama ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa msomaji, hapana. Hilo ni kosa la miaka iliyopita, na linarekebishwa kwa kurudi nyuma: takwimu za mwaka uliopita zinaandikwa upya, na sehemu ya miaka ya kabla yake inapunguza faida iliyolimbikizwa mwanzoni mwa mwaka huo. Eleza kwenye maelezo ya hesabu kosa lilikuwa nini na limegusa mistari ipi.

Usisahau kodi. Kwa kawaida mamlaka ya mapato inakubali kiinua mgongo kama gharama kinapolipwa, si kinapokadiriwa. Kwa hiyo pamoja na deni jipya kutakuwa na mali ya kodi iliyoahirishwa, na utaiandika tu kama kampuni inatarajia kupata faida ya kutosha kuitumia. Kisha nenda kwa meneja fedha na ratiba ya malipo ya miaka mitano ijayo, mwaka kwa mwaka, yenye idadi ya watakaostaafu na kiasi kitakachohitajika.